Usimwandikie mhadhiri kuhusu matapishi yako

Nina ugomvi na barua pepe ya aina moja. Ni ile anayoandika mwanafunzi wa chuo anapoumwa na siku ya kuwasilisha asaimenti imefika. Nimesoma nyingi, kwa sababu mimi ni mwalimu wa sekondari huku Hanang, na wanafunzi niliowafundisha wakishafika vyuoni huniletea rasimu zao niwapitishie macho kabla hawajatuma. Karibu zote ni barua moja. Inaanza na samahani, inashuka kwenye dalili za mwili, inapanda kwa Mungu, kisha inaishia kwa kuomba huruma "kama mzazi". Ukiimaliza unajua mwandishi aliharisha mara ngapi. Hujui ni kozi gani, asaimenti ya ngapi, wala anataka kuwasilisha lini.

Nasema hivi: barua ya kuomba kuongezewa muda haihusu ugonjwa. Inahusu kazi na tarehe. Ugonjwa ni sababu tu, na sababu inatosha sentensi mbili. Mwanafunzi anayejaza ukurasa mzima kwa maumivu yake anakuwa amekubali, bila kujua, kwamba anaomba sadaka. Na chuo kinachomlazimisha aandike hivyo, kwa kudai karatasi ambayo haithibitishi chochote, kinamfundisha kuomba sadaka vizuri zaidi.

Nitatumia kisa kimoja ninachokijua tangu mwanzo hadi mwisho. Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, anasoma mwaka wa pili katika chuo kimoja Dodoma. Kwao ni hapa Mogitu. Mwishoni mwa Aprili alianza kupata homa ya ajabu: jioni inapanda, usiku jasho linalowesha shuka, asubuhi anaamka kama hakuna kitu, isipokuwa kiuno na magoti yanayouma kama ya bibi kizee. Zahanati ya kwanza walimpima malaria, hakuna, wakampa dawa za maumivu. Ya pili wakasema taifodi. Hosteli haiuguzi mtu, basi akapanda basi kupitia Singida akaja nyumbani. Tarehe 8 Mei alipimwa tena hospitali, Katesh, na ndipo ikajulikana ni bruselosisi, ugonjwa ule ule unaofanya ng'ombe na mbuzi watupe mimba. Binadamu huupata kwa kunywa maziwa mabichi au kumsaidia mnyama kuzaa bila kuvaa glavu, na kwetu hakuna likizo inayopita bila hayo mawili. Akaanzishiwa dawa mbili za kumeza kwa wiki 6.

Asaimenti yake ilikuwa ya kozi ya fasihi simulizi: kukusanya ngano 6 na kuzichambua kwa kurasa 10. Ngano za kusimuliwa, jamani, si zile za mashamba ya Basotu. Ilikuwa na alama 15 kati ya 40 za kazi za muhula, na siku ya mwisho ilikuwa Ijumaa tarehe 17 Mei. Jumatano tarehe 15 asubuhi akaniletea rasimu hii kwenye simu:

"Shikamoo Dokta. Natumaini u mzima wa afya. Samahani sana kwa kukusumbua, najua una majukumu mengi. Mimi mwanafunzi wako nimekuwa naumwa sana kwa muda mrefu, usiku silali, natoka jasho jingi sana, mgongo na viungo vyote vinauma na nimekuwa natapika kutokana na dawa. Kwa kweli hali yangu si nzuri. Naomba sana unihurumie kama mzazi uniongezee muda kidogo. Mungu akubariki sana wewe na familia yako."

Isome kama mhadhiri mwenye wanafunzi 400. Huyu ni nani? Anasoma kozi gani kati ya tatu ninazofundisha? "Muda kidogo" ni siku mbili au mwezi? Ameanza kazi au bado? Ili amjibu, mhadhiri lazima amwandikie kwanza kumuuliza, na mhadhiri mwenye wanafunzi 400 hamwandikii mtu kumuuliza. Anaifunga, akisema ataijibu baadaye. Ukimya tunaoulalamikia mara nyingi huanzia hapo: barua haikumpa kitu cha kusema ndiyo juu yake.

Sina neno na shikamoo. Ibaki. Mhadhiri ni mkubwa, na heshima haimpunguzii mtu kitu. Lakini heshima ni neno moja mwanzoni na asante mwishoni. Tunachofanya katikati si heshima, ni kujivua nguo mbele ya mtu ambaye hakutuomba tuvue. Homa ya usiku na matapishi ni taarifa za afya. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inaziweka taarifa za afya katika kundi la taarifa nyeti. Yaani nchi imeshakubali kwamba matokeo ya maabara yako si kitu cha kuzagaa. Halafu sisi tunapiga picha karatasi ya vipimo, na tukiambiwa tuitume kwa kiongozi wa darasa kupitia Wasapu, tunaituma.

Basi tulikaa, tukaanza na hesabu, si na maneno. Nilimuuliza: kwa siku unaweza kukaa na daftari saa ngapi? Akasema saa 2, asubuhi, kabla homa haijapanda. Kilichobaki ni nini? Ngano zote 6 alikuwa ameshazikusanya, 3 ameshazichambua, kurasa 4 zimeandikwa. Zimebaki 3, na kila moja inamchukua kama saa 4. Hizo ni saa 12. Hitimisho na kusafisha kazi nzima, saa 4. Jumla 16. Kwa saa 2 kwa siku, ni siku 8. Kuanzia Alhamisi tarehe 16 anamaliza Alhamisi tarehe 23. Tukaongeza siku 3 za akiba, kwa sababu homa ya aina hii hairudi kwa ratiba, tukafika Jumapili. Jumatatu tarehe 27 Mei ikawa tarehe yetu.

Kumbuka hatukuomba wiki 6 za dawa. Watu wengi huchanganya hapa. Muda wa matibabu na muda wa kutoweza kufanya kazi ni vitu viwili. Kwa bruselosisi, homa huanza kutulia mapema baada ya dawa kuanza, lakini dawa lazima ziendelee hadi mwisho, kwa sababu anayeziacha akijiona mzima ugonjwa humrudia. Kwa hiyo mgonjwa anaweza kuonekana kantini anakula chipsi na bado awe mgonjwa, na anaweza kuwa na wiki 5 za dawa mbele yake na bado aweze kuandika. Hakuna kati ya hayo mawili kinachojibiwa na swali "unaumwa nini?" Swali linalojibu ni "unaweza kufanya kazi kiasi gani?" na hilo mwenye kulijua ni mgonjwa mwenyewe.

Hatukuomba pia tarehe ya mbali ambayo mhadhiri hana mamlaka nayo. Mhadhiri anaweza kusogeza kile alichokiweka mwenyewe: siku ya asaimenti, siku ya jaribio. Alama za muhula zikishatakiwa idarani kabla ya mitihani, mlango wake umefungwa. Ukiumwa wakati wa mtihani wa mwisho, hiyo si barua ya kwake, ni maombi ya mtihani maalumu yanayopitia idara na kitivo. Na ukiona ugonjwa utakula muhula wote, kinachoombwa ni kuahirisha masomo. Mwanafunzi anayemlilia mhadhiri kwa jambo la kitivo anapoteza wiki mbili akimsubiri mtu asiyeweza kumsaidia hata akitaka.

Barua iliyotoka ilikuwa hii, pungufu ya jina na namba:

"Kichwa: Fasihi Simulizi, mwaka wa 2. Ombi la kuwasilisha asaimenti ya pili tarehe 27 Mei.

Shikamoo Dokta. Mimi ni (jina kamili, namba ya usajili), kundi la semina la Jumanne. Naandika kuhusu asaimenti ya pili, inayotakiwa Ijumaa tarehe 17 Mei.

Ninaumwa tangu tarehe 29 Aprili, na tarehe 8 Mei nilianza matibabu hospitali nikiwa nyumbani, Hanang. Kwa sasa ninaweza kufanya kazi saa 2 kwa siku. Karatasi ya daktari ninayo, nitaiwasilisha idarani nikirudi.

Nimekusanya ngano zote 6 na kuandika kurasa 4 kati ya 10. Nimeziambatisha. Zimebaki ngano 3 na hitimisho.

Naomba kuwasilisha Jumatatu tarehe 27 Mei, saa 10 jioni. Kama tarehe hiyo haiwezekani, naomba unielekeze tarehe ya mwisho inayowezekana. Nisipopata jibu kufikia Ijumaa, nitawasilisha nilichonacho siku hiyo ili nisipitwe, kisha nitaendelea na kilichobaki.

Asante."

Hakuna jina la ugonjwa. Hakuna Mungu, ambaye ana kazi nyingine. Kuna tarehe nne na kiambatisho kimoja. Mhadhiri anaweza kuijibu kwa neno moja akiwa kwenye daladala: sawa. Na ile sentensi ya mwisho ndiyo niliyoipigania zaidi, maana inamwondolea mwanafunzi adhabu ya ukimya. Ombi lisilojibiwa si ruhusa, na siku ya mwisho haingoji jibu.

Ijumaa jibu halikuja. Akawasilisha kurasa 4 kama alivyosema. Jumatatu tarehe 20 likaja, mstari mmoja: alete cheti kutoka hospitali ya chuo.

Hapa ndipo ugomvi wangu unapohama kutoka kwa wanafunzi. Hospitali ya chuo haijawahi kumwona. Yeye yuko Mogitu, chini ya mlima, anapimwa Katesh. Ili apate cheti hicho inabidi mgonjwa asafiri hadi Dodoma, apange foleni, na daktari ambaye hakumpima aandike kwamba aliumwa wiki tatu zilizopita. Daktari mwaminifu hawezi kuandika hivyo. Basi kanuni inayodai cheti hicho inamdai mtu mmoja kati ya wawili awe mwongo: mgonjwa au daktari. Na huyu ana nauli na ana wa kumsindikiza. Yupo mwingine anayetibiwa Haydom, au kwenye zahanati ya kijiji ambako dawa anaandikiwa kwenye daftari la shule alilokwenda nalo mwenyewe. Kwake kanuni hiyo inasema: kaumwe karibu na chuo.

Tuseme sasa kuhusu hiyo karatasi yenyewe, ED, kama wote tunavyoiita. Inathibitisha nini? Huko Moshi, kati ya 2007 na 2008, watafiti walifuatilia wagonjwa 870 waliolazwa hospitali mbili kwa sababu ya homa, wakubwa na watoto. Madaktari waliwaandikia malaria 528 kati yao. Vipimo vya kina vilipofanyika, waliokuwa na malaria kweli walikuwa 14. Wengine walikuwa na mambo mengine, yakiwamo magonjwa yatokanayo na wanyama kama hilo la mdogo wangu. Matokeo hayo yalichapishwa 2013. Siwalaumu madaktari hao, kazi yao ni ngumu na vifaa ni vichache. Ninachosema ni kwamba hata ndani ya hospitali, jina la ugonjwa lililoandikwa kwenye karatasi lilikuwa kisio. Mdogo wangu mwenyewe kabla ya tarehe 8 alikuwa na karatasi mbili zenye majibu mawili tofauti, na alikuwa mgonjwa siku zote hizo. Mhadhiri anayedai jina la ugonjwa na muhuri anadai kitu kisichomwambia anachotaka kujua. ED inathibitisha kwamba ulifika mahali fulani siku fulani. Basi.

Najua hoja ya upande wa pili, na si hoja ya kipuuzi. Wahadhiri watasema wanafunzi wanadanganya, bibi mmoja amekufa mara tatu katika muhula mmoja, na bila cheti kila mtu ataumwa usiku wa kuamkia siku ya mwisho. Watasema pia kuna aliyeandika akiwa na homa na akawasilisha kwa wakati, huyo tumwambie nini? Nakubali kwamba uongo upo. Lakini angalia cheti kinamchuja nani. Mwongo mwenye rafiki zahanati anakipata kwa elfu chache, mchana mmoja. Mkweli aliyelala kijijini anakikosa. Chujio linalopitisha makapi na kuzuia mchele hatuliiti chujio.

Kuna kitu ambacho mwongo hakipati kirahisi: kurasa 4 zilizoandikwa kabla ya siku ya mwisho, zenye mwelekeo, pamoja na hesabu ya kilichobaki. Asiyefanya kitu hana cha kuambatisha. Na kama mtu ameandika kurasa 4 nzuri na anadanganya kuhusu homa, chuo kimepoteza nini kwa kumpa siku 10? Kimepata asaimenti iliyokamilika. Kuhusu yule aliyeandika na homa yake, jibu si kumwadhibu wa pili ili wafanane. Jibu ni kwamba naye alistahili siku hizo, na hakuna aliyemwambia.

Watu wazima tumeshajipangia haya. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi siku 126 za likizo ya ugonjwa ndani ya mzunguko wa miezi 36, na inasema cheti cha daktari hakipaswi kukataliwa bila sababu ya msingi. Haisemi daktari wa kiwanda chenu. Uingereza mfanyakazi hujaza mwenyewe fomu ya kuumwa kwa siku 7 za kwanza, bila daktari, kwa sababu walitambua kwamba kumpeleka mtu mwenye mafua kwa daktari ili apate karatasi ni kupoteza muda wa daktari. Mfanyakazi anapoumwa ana haki iliyoandikwa. Mwanafunzi anapoumwa ana tabia ya mhadhiri wake: mmoja anasema pole, chukua wiki, mwingine katika jengo hilo hilo hajibu. Haki inayotegemea umempata nani si haki, ni bahati.

Ninachodai ni kidogo. Katika kila kozi, mwanafunzi awe na siku 3 za ugonjwa kwa tamko lake mwenyewe, bila karatasi, mradi aandike kabla ya siku ya mwisho na kuambatisha alichofanya. Zaidi ya hapo, karatasi ya kituo chochote cha afya kilichosajiliwa ipokelewe idarani, mahali pamoja, na mhadhiri aambiwe tarehe mpya tu, si ugonjwa. Na ombi lililotumwa kwa wakati lisipojibiwa ndani ya siku 3 za kazi, lihesabiwe limekubaliwa. Hilo la mwisho litawafanya wengi wajifunze kujibu.

Mdogo wangu alimaliza kurasa 10 na kuzituma tarehe 27 Mei, kama alivyoandika. Mhadhiri alishikilia cheti cha chuo. Aliporudi Dodoma akapeleka ED ya Katesh kwa mkuu wa idara pamoja na nakala ya barua pepe ya tarehe 15. Mkuu wa idara hakuuliza ugonjwa. Aliangalia tarehe ya barua, akaangalia kiambatisho, akaangalia tarehe ya kazi kamili, akaagiza isahihishwe. Dawa zenyewe alizimaliza tarehe 19 Juni.

Kwa hiyo, wewe unayesoma hii ukiwa na homa na siku ya mwisho ni keshokutwa: usisubiri upone ndipo uandike, na usisubiri uzidiwe. Andika leo, ukiwa bado huna uhakika, mistari mitano: wewe ni nani, kazi ipi, umefikia wapi, unaweza kiasi gani kwa siku, utawasilisha lini. Ambatisha ulichonacho hata kama ni kurasa 2. Matapishi yako muachie nesi.